"Won't" na "Otieno's": je, "n't" na "'s" ni kitu cha aina moja?

Mkufunzi_Kondele

Hamjambo wanajukwaa. Nafundisha Kiingereza darasa la jioni hapa Kisumu, wengi wao watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Tulikuwa kwenye ukanushaji, mama mmoja akauliza maswali mawili ambayo sitaki kuyajibu kwa "ndivyo ilivyo". La kwanza: kama "n't" ni "not" iliyofupishwa tu, mbona "will not" haikuwa "willn't" ikawa "won't"? La pili: twasema "Isn't he coming?" bila shida, lakini ukiirefusha "n't" papo hapo unapata "Is not he coming?", na hiyo hatuikubali. Ufupisho gani huo usiorefushika?

Mwalimu mwenzangu anasema nisijisumbue, kwamba "n't" na "'s" ya "Otieno's" ni ndugu: vyote vifupi, havina mkazo, vinashikana na neno lililotangulia na vinatiwa ritifaa. Mimi naona ritifaa ni mambo ya maandishi, haituambii kitu chenyewe ni nini. Aliyesoma isimu anisaidie. Na kama ni vitu viwili tofauti, nitawaonyeshaje wanafunzi wakaona wenyewe?

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega

Mwalimu, hili sisi tulifundishwa vizuri. Ritifaa huonyesha herufi zilizodondoshwa. Katika "don't" imedondoka "o". Katika "Otieno's" zimedondoka "hi" za "his", kwa sababu zamani Waingereza waliandika "the king his horse", sawa na sisi tunavyosema "mfalme farasi wake". Nimeyaona maandishi hayo kwa macho yangu. Basi vyote viwili ni maneno kamili yaliyokatwa, na mwenzako yuko sawa.

Binti_Njoro

Shikamoo mwalimu. Ni kweli kabisa kwamba "the king his horse" iliandikwa, hasa karne ya 16 na ya 17. Lakini hao walioandika hivyo walikuwa wanakisia asili ya "'s", kama unavyokisia wewe. Asili yenyewe ni kiambishi cha Kiingereza cha kale, "-es", kilichokuwa kikibandikwa kwenye nomino kuonyesha umilikaji. Ingekuwa ni "his", basi "Mary's" ingetoka wapi, na "the children's" je? Kwa hiyo "'s" ilianza kama kiambishi, nayo "n't" ilianza kama neno kamili, "not". Na ajabu ya mada hii ni kwamba tangu hapo kila kimoja kimeelekea upande wa mwenzake.

Mkufunzi, mwenzako anachanganya mambo mawili. Kuna kiambishi, ambacho ni sehemu ya neno lenyewe. Na kuna kile tulichofundishwa kukiita kiangami: neno, au kitu chenye tabia ya neno, ambalo halina nguvu ya kusimama kimatamshi na hivyo huegemea jirani yeyote aliye karibu. Kwa sikio huwezi kuvitenganisha, vyote vimeshikana na jirani. Inabidi uvichokoze uone vinafanya nini.

Mwaka 1983 wanaisimu Arnold Zwicky na Geoffrey Pullum walichapisha makala kuhusu hii hii "n't", na hoja yao ni kwamba si "not" iliyokatwa, bali ni kiambishi, sehemu ya mnyambuliko wa vitenzi visaidizi vya Kiingereza. Nadhani walithibitisha. Njia yao unaweza kuipeleka darasani bila istilahi hata moja.

Anza na swali la nani anakubali kubandikwa. Waambie wanafunzi waichukue "not" na kuizungusha: "not me", "not today", "try not to be late". Inakwenda popote. Sasa waifupishe kila mahali ilipo. "Tryn't to be late"? Hakuna. "Todayn't"? Hakuna. "n't" inakubali "is", "have", "do", "can", "will" na wenzao wachache, basi. Tena hata ndani ya kundi hilo kuna mapengo. "May" yumo kundini, lakini "mayn't" karibu haisikiki tena. "Am" naye yumo, lakini Kiingereza cha shule hakina "amn't". Unalazimika kusema "aren't I". Hakuna sababu ya maana wala ya matamshi. Pengo lipo tu, kama mapengo yalivyo kwenye minyambuliko ya lugha yoyote.

Sasa chukua "'s" ya umilikaji uiweke mtihani huo huo. "Otieno's phone". Sawa. "My friend from Kisumu's phone". Simu si ya Kisumu, ni ya rafiki, lakini "'s" imekaa kwenye Kisumu. "The man I was talking to's phone". Hapo imekaa juu ya "to"! "The girl you saw yesterday's bag", juu ya "yesterday". Haijali jirani ni nomino, kihusishi au kielezi. Inachojali ni kwamba kirai kizima kinachomtaja mwenye mali kimeishia hapo.

Ja_Ugunja

Kuhusu "amn't": padri Muairishi aliyetufundisha tukiwa shule alikuwa akisema "amn't I?" kila mara, na sisi tukidhani anaongea vibaya. Baadaye niligundua kwao ni kawaida.

Binti_Njoro

Ndiyo, Ayalandi na Skotilandi ipo hai. Hilo linatilia nguvu hoja ya pengo. Kama kungekuwa na kitu ndani ya "am" kinachoikataa "n't" kimatamshi, huyo padri naye angeshindwa. Ni lahaja moja imeliziba pengo na nyingine imeliacha.

Mkufunzi_Kondele

Asante dada. Swali la "won't" je?

Binti_Njoro

Hilo ndilo jaribio la pili. Kitu kinachoegemea tu hakiwezi kumbadilisha jirani yake mwili. Angalia "'s" ya umilikaji: Otieno anabaki Otieno, Wanjiku anabaki Wanjiku, "yesterday" inabaki "yesterday". Lakini "n't" inaingia ndani ya neno na kulivuruga. "Will" inakuwa "wo-". "Shall" inakuwa "sha-". "Do" inabadili irabu ukisema "don't"; sikiliza, haisemwi "duunt". "Must" inameza "t" yake, "mustn't" hutamkwa kama "masnt". Na huwezi kukisia: anayejua "will" na "not" bila kuwahi kusikia "won't" hawezi kuibuni. Ilitokana na umbo la zamani la "will" lililokuwa na "o", likafa kila mahali likabaki hapo tu.

Sisi tunalo jambo la aina hiyo kabisa. Kiambishi cha kukanusha ni "ha-": hawasomi, hatusomi, hamsomi. Nafsi ya kwanza umoja ingetakiwa kuwa "hanisomi" kwa maana ya mimi kutosoma. Lakini tunasema "sisomi". "Ha-" na "ni-" vimeyeyukia kwenye "si-", na mtoto hujifunza hivyo hivyo. Hakuna anayedai kwamba "si-" ni ufupisho wa "hani-". Ni umbo la neno. Mwambie huyo mama "won't" ni "sisomi" ya Kiingereza.

Kidato4_Rongai

Samahani walimu, mimi nina karatasi ya Kiswahili wiki ijayo. Kwa hiyo kwenye "nyumbani" ile "-ni" ni kiambishi au ni hicho kiangami? Kitabu chetu kinasema "ni kiambishi tamati cha mahali" na hakielezi zaidi. Na "someni" ni "-ni" ile ile?

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega

Kijana, mada ni Kiingereza. Kwa mtihani andika kiambishi tamati, utapata alama yako.

Binti_Njoro

Mwalimu amekujibu sawa kwa mtihani. Swali lako hata hivyo ni zuri, nitalirudia nikimaliza la Mkufunzi kuhusu "Isn't he".

Mkufunzi, Kiingereza kinapouliza swali huchukua kitenzi kisaidizi na kukipeleka mbele ya mtenda. "He is coming", "Is he coming?" Kinachohama ni neno moja. Ukianza na "He is not coming", kinachohama ni "is" peke yake, "not" inaachwa nyuma: "Is he not coming?" Ukianza na "He isn't coming", kinachohama ni "isn't" nzima. Maana yake sarufi inaiona "isn't" kama neno moja, haioni maneno mawili yaliyoshikamana. Ndiyo sababu haiwezi kurefushwa pale mbele: hakuna "not" pale iliyofupishwa.

Ili usidhani ni bahati, linganisha na "'ve", ambayo kweli ni "have" iliyoegemea. "You could've gone" ni sawa. Geuza iwe swali. "Could you have gone?" Hakuna asemaye "Could've you gone?" Kilichoegemea kimebaki mahali pake, hakikupanda gari na "could". Lakini "Couldn't you have gone?" inakwenda bila tatizo. Hapo ndipo tofauti ya neno na kilichoegemea neno inaonekana wazi kuliko popote.

Kisha waambie wajaribu kurundika. "I'd've gone" husemwa kila siku, vilivyoegemea viwili juu ya "I". "I wouldn't've gone" pia husemwa. Sasa badilisha mpangilio: "I would'ven't gone". Haiwezekani. "n't" lazima ikae ndani, karibu na mzizi, na "'ve" ikae nje. Neno linamaliza kwanza kujiunda, viambishi vyake vyote vikiwa ndani, ndipo vitu vya kuegemea vinakuja kushika nje. Kilichoegemea kinaweza kuegemea kingine, lakini kiambishi hakiwezi kuja kukaa nje yake.

Fundi_Mabango_Nakuru

Mimi sijui isimu lakini hili linanigusa mfukoni. Nachora mabango ya maduka. Mteja analeta jina, "Kamau & Sons", anataka liwe lenye umilikaji, "hardware ya Kamau & Sons". Nilichora KAMAU & SONS' HARDWARE, ritifaa baada ya S. Akaja na mtoto wake wa chuo akasema nimesahau S, inatakiwa SONS'S. Kwa sababu, anasema, duka la James lile la mtaani kwetu nimeandika JAMES'S na hakuna aliyelalamika. Sasa kati yangu na huyo mtoto nani kweli? Bango nimeshalilipia rangi.

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega

Fundi, uko sawa. Wingi unaoishia na S hauongezewi S. Kanuni hiyo ni ya kale.

Mkufunzi_Kondele

Kanuni tunaijua sote mwalimu, lakini dada amesema "'s" haijali jirani yake ni nani. Kama haijali, imejuaje kwamba "Sons" ni wingi na "James" ni jina la mtu?

Binti_Njoro

Hilo ndilo swali gumu la mada nzima, na nafurahi limeletwa na fundi.

Fundi, bango lako ni sahihi, SONS' ndiyo yenyewe. Hamtamki "sansiz". Lakini Mkufunzi ana haki ya kuuliza imejuaje. Wengi husema ni kwa sababu s mbili zikifuatana hukwaza ulimi. Si kweli. Chukua "fox". Mwenye mali akiwa mbweha mmoja: "the fox's tail", unatamka "foksiz". Ulimi haukukwazwa, umeongeza silabi nzima. Sasa mbweha wengi ni "foxes", unatamka "foksiz" tayari, na wakiwa na mikia ni "the foxes' tails", bado "foksiz". Hukuongeza kitu. James naye: "James's", "jeimziz". Sauti ya mwisho ya "James" na ya "sons" ni ile ile, z. Kwa hiyo kinachoizuia "'s" ya umilikaji si sauti. Ni kwamba pale mwishoni pana kiambishi cha wingi "-s", na vitu hivi viwili havikai pamoja. Wingi usiotumia "-s" hauzuii: "the children's books", "the geese's feathers".

Na si lazima wingi uwe wa mwenye mali mwenyewe. Sema "a friend of my sisters", rafiki mmoja, dada wengi. Gari la huyo rafiki: "a friend of my sisters' car". Mwenye gari ni mmoja, lakini "'s" imemezwa kwa sababu tu neno la mwisho kabla yake lina "-s" ya wingi.

Sasa linganisha na "'s" nyingine, ile ya "is". "One of the boys is here." Ifupishe: "One of the boys's here", unatamka "boiziz". Haimezwi! Jirani ni yule yule, "boys" mwenye "-s" ya wingi, na "'s" hii inakaa juu yake bila kujali. Yenyewe kweli haijui ndani ya neno mna nini. "'s" ya umilikaji inajua.

Kwa hiyo, Mkufunzi, ya umilikaji hukaa mwishoni mwa kirai kama kiangami, lakini inachungulia ndani ya neno kama kiambishi. Zwicky mwenyewe aliandika juu ya jambo hili mwaka 1987, na hakuiweka na viangami vya kawaida. Wapo wanaoiita kiambishi cha kirai kizima, yaani mnyambuliko unaobandikwa kwenye neno la mwisho la kirai. Wengine wanaona bado ni kiangami chenye tabia moja ya ajabu. Mimi naegemea hao wa kwanza, kwa sababu ya "foxes'".

Mkufunzi_Kondele

Basi mwenzangu yuko karibu na ukweli kuliko nilivyodhani? Ikiwa vyote viwili ni viambishi?

Binti_Njoro

Hapana. Hata ukikubali kwamba "'s" ni kiambishi, ni kiambishi cha kirai, na "n't" ni kiambishi cha neno. Wape wanafunzi "-s" ya wingi waone. "Friend from Kisumu", wengi ni "friends from Kisumu", "-s" imekaa kwenye nomino kuu. Simu ya huyo mmoja ni "friend from Kisumu's". Kiambishi cha neno hakitoki kwenye neno lake kwenda kukaa Kisumu.

Na tofauti haiishii kwenye mahali. Iko kwenye maana pia. "'s" popote uiwekapo, uhusiano ni ule ule wa kirai kile na kinachofuata. Lakini "n't" haina ufikaji mmoja. "You mustn't go": ni lazima usiende. Ukanushaji uko kwenye kwenda, lazima imebaki. "You needn't go": si lazima uende. Ukanushaji umeikanusha lazima yenyewe. "n't" ni ile ile na mahali ni pale pale, lakini maana inakwenda pande mbili, na kila kitenzi unajifunza cha kwake.

"Can't" nayo. Kiswahili kinatofautisha "huwezi kuja" na "unaweza kutokuja". Kiingereza chenye "not" kamili, ukiitilia mkazo, kinaweza kubeba maana hiyo ya pili: "You can NOT come and still get your money", yaani una ruhusa ya kukaa nyumbani na hela yako utapata. Weka "can't" hapo: "You can't come and still get your money". Maana ile imepotea, sasa unamkataza. Kama "can't" ingekuwa "can not" iliyotamkwa haraka, haraka isingepoteza maana.

Ja_Ugunja

Niwaletee ya Kijaluo, mniambie inakaa wapi. Nyumba ni "ot". Nyumba yangu ni "oda". Nyumba ya Otieno ni "od Otieno". Yaani mwenye mali hafanyiwi lolote, nyumba ndiyo inayobadilika, "t" inakuwa "d". Kwa kipimo cha dada cha "won't", hicho ni kiambishi?

Binti_Njoro

"Oda" ndiyo, mzizi umebadilika kwa ajili ya kilichobandikwa, na hakuna kirai kirefu utakachoweka katikati. "Od Otieno" ni tofauti kidogo, kwa sababu hakuna kilichobandikwa. Nomino yenyewe ina umbo moja ikiwa peke yake na jingine ikiwa na mwenyewe nyuma yake. Kiingereza kinatia alama kwa mwenye mali, Kijaluo kwa mali. Sijasoma Kijaluo cha kutosha kusema zaidi, wewe ndiye mwenye sikio.

Sasa Kidato4. "-ni" ziko mbili. Ya mahali: nyumbani, sokoni, hospitalini. Ijaribu. Inakubali nomino tu. Tena ina mapengo: huendi "Kisumuni", unakwenda Kisumu, huendi "Otienoni", unakwenda kwa Otieno. Na ukipewa kirai "mji wa Kisumu", "-ni" haiendi mwisho wa kirai, inashika nomino kuu: "mjini Kisumu". Hiyo ni kiambishi cha neno, na inafanana na "n't", si "'s".

Ya pili ni ya wasikilizaji wengi: someni, njooni. Lakini sikiliza: karibuni, asanteni, poleni, kwaherini, hongereni. Haya si vitenzi vyote. "-ni" hii haichagui kama ya kwanza. Ndiyo maana naiona imesogea upande wa viangami.

Mswahili_Bondeni

Dada, hapo sikubaliani nawe. Mimi ni wa pwani, nimehamia Nakuru kwa kazi. Kwanza, "soma" haikuwa "somani", imekuwa "someni". Irabu imebadilika. Kwa kipimo chako cha "won't" hiyo ni kiambishi. Kwetu wapo wasemao "somani", lakini shuleni mnafundisha "someni". Pili, "asante sana" ikiwa kwa wengi ni "asanteni sana". Sijasikia mtu akasema "asante sanani". Kama ingekuwa inaegemea kirai kama "'s" ya Kiingereza, ingekwenda mwisho. Inaganda kwenye neno lake.

Binti_Njoro

Hoja ya "sanani" ni nzito. Inaonyesha kwamba kupokelewa na majirani wa aina nyingi hakutoshi, lazima pia uulize kinaegemea neno au kirai. Kuhusu "someni", irabu inabadilika kwenye vitenzi vyenye "-a" tu. Karibu inabaki karibu. Mtu anaweza kusema ni "-ni" moja yenye tabia mbili, au kwamba vitenzi vina umbo lao na maneno ya salamu yameiga. Mimi bado naona salamu zimefungua mlango ambao "-ni" ya mahali haijaufungua.

Mswahili_Bondeni

Salamu ni maneno ya kumwambia mtu, kama amri ilivyo. Kundi lake ni hilo, halikutoka nje. Tajia neno moja lisiloelekezwa kwa msikilizaji linalopokea "-ni" hiyo, nami nitakufuata.

Binti_Njoro

Sina. Na "mamake", "babake", "mwanangu" unaziweka wapi? Zinabana kwenye majina ya jamaa, "kitabuke" hakuna, ingawa kwenye tungo za kale utakuta "nyumbaye" na "jinale".

Mswahili_Bondeni

Mama mdogo wake Juma ni "mamake mdogo". Haisemwi "mama mdogoke". Inaganda kwenye nomino, kama "asanteni". Kwangu hicho ni kiambishi.

Mkufunzi_Kondele

Nimejaribu darasani leo, sikutaja istilahi. Niliandika ubaoni "the woman who sells fish in Kondele" na "basket", nikawaambia waunganishe. Wote waliweka "'s" kwenye Kondele, hakuna aliyeiweka kwenye "woman". Kisha nikawapa "The woman did not come", waifupishe halafu waigeuze iwe swali. Wote "Didn't the woman come?" Nikawauliza mbona "n't" imehama na "did" na hamkuiacha baada ya "woman"? Mama aliyeuliza mwanzoni ndiye aliyejibu: "Kwa sababu hiyo ni did nyingine." Nilimwacha na jibu lake.

Kilichonishinda ni mmoja aliyeuliza kuhusu "I", "he", "who". Kama "'s" inashika mwisho wa kirai chochote, mbona si "he's book", ni "his"? Na "somebody else's" inakubali lakini "who else" wengine wanasema "who else's", wengine "whose else".

Binti_Njoro

Viwakilishi vina maumbo yake ya kukariri: my, your, his, whose. Hapo Kiingereza kimebaki na mnyambuliko wa kale, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiita "'s" kiangami kitupu: kiangami cha kawaida hakizuiwi na umbo jingine la neno. "'s" ya "is" inashika "he" na "who" bila kizuizi, "he's here", "who's there". Kuhusu "else", siku hizi "who else's" ndiyo inayosikika zaidi. "Whose else" ni ya zamani. Jirani wa mwisho amekuwa "else", na umilikaji umemfuata.

Fundi_Mabango_Nakuru

Nimeelewa la kwangu. Mteja amekubali SONS' baada ya kumtamkishia "foxes". Lakini ameleta jingine: anataka kibao cha ofisi ya chama, "Friends of the Lakes", na mlango uandikwe ofisi ni yao. FRIENDS OF THE LAKES' OFFICE? Wenye umilikaji ni Friends, S iko Lakes.

Binti_Njoro

LAKES' OFFICE, ritifaa baada ya S, usiongeze S nyingine. Ni "a friend of my sisters' car" ile ile.

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega

Mimi ningeandika OFFICE OF THE FRIENDS OF THE LAKES na kuyaepuka yote.

Fundi_Mabango_Nakuru

Mlango ni mwembamba mwalimu, hayaenei. Naandika LAKES'.